Waifai imeshika lakini peji ya vocha haiji: anza hapa kabla hujampigia fundi

Mimi kazi yangu ni kufunga waifai za vocha kwenye magesti na migahawa hapa Morogoro, na simu ninazopigiwa zaidi si za intaneti kuwa ya kobe, ni hii: "fundi, waifai imeshika ila ile peji ya kuingiza namba haiji." Mara nyingi rauta haina tatizo lolote, wenzake watano wameshaingia wanaangalia mpira, shida iko kwenye simu yake. Naandika kama ninavyowaelekezaga kwa simu, kwa mpangilio huohuo, kwa sababu ukiruka hatua ya kwanza hizo nyingine zote zitakudanganya.

Kwanza elewa kinachotakiwa kutokea, ni kitu kidogo tu. Ukishaungana na waifai ya vocha rauta inakupa anwani ya IP kama kawaida, lakini mlango wa kutokea nje bado imeufunga. Inachofanya inakusubiri uombe peji yoyote ile kwa http ya kawaida, ile isiyo na "s" mwishoni, alafu inaingilia katikati na kukujibu yenyewe: pitia huku kwanza. Hapo ndo peji ya vocha inatokea. Sasa ukiomba kitu cha https rauta haiwezi kuingilia hivyo, maana mazungumzo ya https yamefungwa kwa cheti cha tovuti yenyewe na rauta hiyo haina hicho cheti, kwaiyo brauza inakataa au inazunguka weee mpaka inachoka. Na siku hizi karibu kila tovuti unayoijua ni https. Ndo maana mtu anaandika google, haiji, anaandika facebook, haiji, anasema waifai mbovu.

Watengeneza simu wanalijua hili, kwaiyo simu ikiungana tu inaenda kimyakimya kuuliza anwani moja ya majaribio ya http. Android inauliza connectivitycheck.gstatic.com, iPhone inauliza captive.apple.com. Jibu likija tofauti na ilivyotegemea, inajua hapa kuna geti, inakuletea ile notifikesheni ya "Sign in to network" au kwa iPhone inafungua kidirisha chenyewe. Wewe umeifuta ile notifikesheni kwa kidole ukidhani ni matangazo, au haikuja kabisa, sasa inabidi uombe hiyo peji kwa mkono. Kazi yote iliyobaki ni kuhakikisha ombi lako la http linapita kwenye waifai na linamfikia rauta likiwa wazi.

Hatua ya 1: zima data ya simu

Usicheke, hii peke yake inamaliza simu nyingi ninazopigiwa. Simu ikiona waifai haina intaneti haikai inasubiri, inarudi kwenye bando lako bila kukuambia, huku alama ya waifai bado iko pale juu ikiwa na kialama cha mshangao. Wewe unaandika anwani ya kujaribu, peji inafunguka vizuri kabisa, unasema mbona intaneti ipo ila vocha hainiulizi. Umetumia MB zako mwenyewe. Ombi halijapita kwa rauta hata kidogo, ataliingilia vipi? Zima data, na kama una laini mbili hakikisha zote zimezima, alafu ndo tuendelee. Usiwashe tena mpaka umeshaingiza vocha.

Simu ikikuuliza kwamba waifai hii haina intaneti, je ubaki nayo, sema ndiyo ubaki. Ukisema hapana itakukimbia kila mara.

Hatua ya 2: angalia umepewa anwani gani

Kwenye Android ingia Settings, sehemu ya Wi-Fi, bonyeza jina la waifai uliyoungana nayo, shuka chini utaona IP address, yaani anwani ya simu yako, na Gateway, yaani anwani ya rauta yenyewe. Majina yanatofautiana kidogo kwa kila kampuni ya simu ila vipo. iPhone bonyeza ile "i" ya bluu pembeni ya jina, utaona IP Address na Router, na hiyo Router ndo gateway yenyewe. Kwenye laptopu ya Windows fungua Command Prompt uandike:

```
ipconfig
```

Itakuletea mistari mingi, tafuta sehemu ya Wi-Fi yenye hii miwili:

```
IPv4 Address. . . . . : 10.5.50.87
Default Gateway . . . : 10.5.50.1
```

Huo mfano ni wa rauta za MikroTik, ambazo huku mtaani ndo zinabeba waifai nyingi za vocha, na hiyo 10.5.50.1 utaikuta sana kwa sababu mafundi wengi tunaiacha kama mfano wa maelekezo ulivyokuja. Kwingine utaona 192.168 kitu fulani au 172.16 kitu fulani, sio tatizo. Andika hiyo namba ya gateway pembeni, tutaihitaji.

Tatizo ni ukikuta anwani inayoanza na 169.254. Hiyo hujapewa na rauta, kifaa kimejipa chenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu, na ukiwa nayo peji haiji hata ufanye nini. Jitoe kwenye waifai, sogea karibu na rauta, ungana tena. Ikirudi ileile 169.254 na wenzio nao wanakwama kwenye "Obtaining IP address", basi inawezekana anwani zimeisha. Mtandao wa kawaida wa mtaani una nafasi kama 253 hivi za kugawa, na mtu akiondoka nafasi yake hairudi hapohapo, inasubiri muda wake uishe. Kwenye gesti ni ngumu kuzimaliza ila kwenye stendi au ukumbi wa harusi zinaisha mapema tu. Hiyo ya mwenye waifai, sio yako.

Kwa wenye laptopu za ofisi kuna jambo moja. Kama fundi wa ofisini aliwahi kukuwekea IP ya mkono, utaona anwani isiyofanana kabisa na ya wenzako. Nenda kwenye settings za hiyo Wi-Fi, tafuta IP assignment, ikiwa Manual irudishe Automatic (DHCP). Piga picha namba zilizokuwepo kabla ya kubadilisha, utazihitaji Jumatatu.

Hatua ya 3: omba peji isiyo na s

Sasa fungua brauza, Chrome au Safari yoyote, andika hivi kamili pamoja na hiyo http na vile vimkwaju:

```
http://neverssl.com
```

Hiyo tovuti ilitengenezwa kwa kazi hii hasa, haitumii https makusudi. Ukiandika neverssl tupu brauza itaipeleka kwenye kutafuta Google, ambayo ni https, umerudi ulikotoka. Kama mambo yako sawa utaona badala ya hiyo tovuti inakuja peji yenye nembo ya gesti au ya mgahawa na sehemu ya kuweka namba. Imeisha, weka vocha yako.

Ya pili ninayoipenda ni hii, kwa sababu inajibu na swali lingine:

```
http://captive.apple.com
```

Inafanya kazi hata kwenye Android na Windows. Ikikuletea neno Success tupu na data umeshazima, maana yake wewe uko ndani tayari, hakuna geti, pengine ulishaingia jana na rauta bado inakukumbuka. Usitafute peji ambayo haihitajiki.

Na kama katika kujaribu ulikutana na ile peji ya kutisha ya "Your connection is not private", usibonyeze Advanced ukalazimisha kupita. Mara nyingi inakuja kwa sababu uliomba tovuti ya https na rauta ikajaribu kuingilia, brauza ikakataa, na imefanya sawa kukataa. Ifunge tu, rudi kwenye anwani ya http.

Hatua ya 4: gonga mlango wa rauta moja kwa moja

Neverssl imegoma? Chukua ile namba ya gateway uliyoandika, iweke kwenye brauza na http mbele yake. Kwa mfano wetu:

```
http://10.5.50.1/login
```

Hiyo /login ni ya MikroTik, kwa rauta za aina nyingine weka namba peke yake bila kitu nyuma. Hapa majibu yanakuambia mengi kuliko hatua zote zilizopita, kwaiyo tulia nayo.

Ikifunguka wakati neverssl imegoma, basi njia kutoka kwako mpaka kwa rauta ni nzima, kilichokufa ni kutafsiri majina. Simu haiwezi kubadilisha jina la neverssl.com kuwa namba, na namba ikiwekwa moja kwa moja haina haja ya kutafsiriwa. Hiyo ni DNS, nenda hatua ya 5. Utaitambua pia kwa maandishi ya Chrome yanayoanza na DNS_PROBE, au ERR_NAME_NOT_RESOLVED.

Kuna sura nyingine ya ugonjwa huohuo: unaona anwani juu ya brauza imebadilika yenyewe, mfano imekuwa login ya jina fulani la gesti, alafu inasema haiipati. Hapo rauta imeshakuingilia na kukuelekeza, ila jina alilokupeleka linajulikana na rauta peke yake, halipo kwenye intaneti ya dunia, na simu yako imeenda kuuliza kwingine. DNS tena.

Ikigoma hata kwa namba, na uko karibu na rauta, na anwani yako sio ya 169.254, shuka kwanza kwenye VPN hapo chini, alafu hatua ya mwisho.

Hatua ya 5: Private DNS na VPN

Nikupe kisa cha juzi gesti moja maeneo ya Msamvu. Kapiga dada wa mapokezi, mgeni wa chumba cha juu kanunua vocha ya elfu moja na peji haiji, kaanza kudai hela yake. Nikaongea na mgeni mwenyewe. Ana Android, data kazima, anwani 10.5.50.143, safi. Neverssl inaleta DNS_PROBE. Nikamwambia weka 10.5.50.1/login, hapohapo akasema "kaka imekuja!" Sasa hapo wengi wangeishia, lakini najua angeweka vocha na bado asipate kitu vizuri, nikamuuliza, dada, uliwahi kuweka kitu cha kuzuia matangazo kwenye simu? Akasema ndiyo, shemeji yake alimwekea.

Ndo yenyewe. Android kuanzia ya 9, ya mwaka 2018, ina sehemu inaitwa Private DNS, na watu wanaandika pale dns.adguard.com ili matangazo yasije. Kinafanya kazi vizuri ukiwa na bando. Ila ukishaandika jina la sava pale, simu inakubali kutafsiri majina kupitia huyo peke yake, kwa njia iliyofungwa, mlango namba 853. Rauta ya vocha kabla hujalipa imefunga kila kitu kutoka nje, na huyo sava yuko nje. Kwaiyo simu haitaki kumuuliza rauta na haiwezi kumfikia sava wake. Imekaa katikati. Na ile notifikesheni ya "Sign in to network" huwa ina njia yake ya pembeni inayoruka hii Private DNS, ila yeye alishaifuta kwa kidole, akabaki na Chrome ambayo haina hiyo njia.

Kuitoa: Settings, kisha Network & internet au Connections kwa Samsung, humo tafuta Private DNS (wakati mwingine iko ndani ya More connection settings). Ukikuta imechaguliwa ile ya kuandika jina, badilisha iwe Automatic au Off. Automatic inatosha kwa sababu hiyo ikishindwa njia ya siri inarudi kwa DNS ya rauta bila kununa. Jitoe kwenye waifai, ungana tena, notifikesheni inarudi. Mgeni yule ilimchukua kama dakika mbili, akaniuliza sasa matangazo yatarudi? Nikamwambia ukishaingia ndani rudishia tu jina lako palepale, mlango ukishafunguliwa sava wako atafikika. Ila ukibadilisha waifai nyingine ya vocha kesho utakutana nayo tena.

VPN inaleta ugonjwa wa jirani. Kama imewashwa, hasa kama umeweka ile ya "Always-on" na kuzuia chochote kisichopita ndani yake, simu haitoi ombi lolote mpaka VPN iungane, na VPN haiwezi kuungana mpaka ulipe vocha. Hapo hata gateway kwa namba inaweza kugoma. Izime, ingiza vocha, iwashe. Na uiwashe kweli baada ya hapo, hii ni waifai ya umati.

iPhone haina ile Private DNS ya kuandika jina kama Android, lakini programu za kuzuia matangazo zinaweka profaili yao, tafuta Settings, General, VPN & Device Management. Mwenye iCloud ya kulipia aangalie pia Limit IP Address Tracking kwenye ile "i" ya waifai, aizime kwa mtandao huo. Na hapohapo pana Auto-Login, iwe imewashwa, ikizimwa kidirisha hakiji chenyewe.

Hatua ya 6: brauza yenyewe

Hapa sina mengi. Chrome ina Use secure DNS ndani ya Privacy and security, nayo ni Private DNS ndogo ya brauza peke yake, ukiwa umeichagulia mtoa huduma maalum inaleta hali ileile ya DNS. Pia kuna Always use secure connections inayolazimisha kila kitu kuwa https. Badala ya kuhangaika nazo zote, jaribu brauza nyingine ambayo hujawahi kuigusa, ile iliyokuja na simu, au dirisha la Incognito ili peji ya zamani iliyohifadhiwa isikudanganye. Laptopu ikiendelea kukumbuka majibu ya zamani, kwenye Command Prompt:

```
ipconfig /flushdns
```

Kile kidirisha cha iPhone nacho kina tabia mbaya: ukikiacha kwenda kwenye meseji kunakili namba ya vocha kinaweza kufunga na waifai ikakatika, unarudi hakuna peji. Watu wanaapa kabisa kwamba "ilikuja ikapotea". Andika namba kwenye karatasi kwanza ndo uungane.

Hatua ya 7: ukishajua sio wewe

Chukua simu ya pili, ya mtu ambaye hajaingia bado, data imezimwa, haina VPN, fungua kwa namba ya gateway. Ikigoma na yeye, na mko karibu na rauta, na anwani mmepewa, basi huduma ya peji kwenye rauta imekwama au kuna mtu kaigusa setingi. Mapokezi wazime rauta, wasubiri kama nusu dakika, wawashe. Baada ya hapo jitoe kwenye waifai kwa Forget na uungane upya.

Kama peji inakuja kwa simu nyingine lakini inachelewa, nusu imeandikwa na picha hazipo, usiache, sehemu ya namba ikishaonekana weka vocha ubonyeze, picha sio lazima. Na kama ilikuja, ukaweka namba, ikajibu "no more sessions are allowed for user", hiyo sio peji kugoma tena, hiyo vocha inaonekana inatumika kwenye kifaa kingine, au simu yako imebadilisha anwani yake ya MAC, ile namba ambayo rauta inaitambulia simu, na rauta inadhani ni mtu mwingine. iPhone inaita Private Wi-Fi Address, Android inaita randomized MAC. Ukishaingiza vocha usiiguse hiyo setingi mpaka vocha iishe. Ukishaigusa, nenda mapokezi na karatasi yako ya vocha, mwambie fundi akutoe kile kifaa cha zamani kwenye orodha ya walioingia, ni kazi ya sekunde kumi na hudaiwi vocha mpya.